Kulinganisha bei ya mafuta: chupa ya mililita, dumu la lita, dumu la kilo

Swali: "Nataka kununua mafuta ya kupikia kwa jumla. Chupa zimeandikwa mililita, madumu mengine lita, mengine kilo. Nipangeje jedwali nijue lipi ni rahisi kweli?"

Mimi ndiye ninayenunua vitu vya jiko la watu wengi, na mafuta ndiyo bidhaa ninayoikagua kuliko zote, kwa sababu hiyo ya kilo na lita. Lita moja ya maji ina uzito wa takriban kilo moja, kwa hiyo watu wengi huchukulia mafuta nayo ni hivyohivyo. Siyo. Mafuta ya mimea ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 0.92. Aina hutofautiana kidogo tu, na joto likipanda nyuzi 10 mafuta hutanuka kwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo namba hiyo inatosha kabisa kwa kazi ya ununuzi.

Chagua kipimo kimoja, kisha kila kitu kirudi hapo. Kwa mafuta mimi hutumia lita, maana jikoni tunayapima kwa kumimina. Kwenye programu ya majedwali ya kompyuta, weka 0.92 kwenye kisanduku M1, halafu tengeneza jedwali dogo la kubadilishia kuanzia J2 hadi K5: upande wa J andika majina ya vipimo, upande wa K lita zinazopatikana katika kipimo kimoja.

```
J2: ml      K2: 0.001
J3: lita    K3: 1
J4: g       K4: =0.001/$M$1
J5: kg      K5: =1/$M$1
```

Kwenye jedwali kuu, A ni jina la bidhaa, B ni idadi ya vipande, C ni kiasi cha kipande kimoja, D ni kipimo chake, E ni bei ya vyote pamoja. Fomula ni mbili tu:

```
F2: =B2*C2*VLOOKUP(D2,$J$2:$K$5,2,FALSE)
G2: =E2/F2
```

F ni jumla ya lita, G ni bei ya lita moja. Hilo neno FALSE usiliache. Ukiandika "gm" badala ya "g", jedwali litakuonyesha #N/A badala ya kukupa jibu la uongo. Nimeona majedwali yaliyotumia IF ambayo kipimo kisichotambulika huhesabiwa kama kilo kimyakimya, na bei inatoka imekosewa mara elfu. Kwenye C andika namba tupu; ukiandika "750 ml" utapata #VALUE!. Kama programu yako inakataa koma ndani ya fomula, weka nuktamkato.

Sasa tuchukue mfano. Chupa ya mililita 750 inauzwa 3,300, dumu la lita 5 linauzwa 20,500, na dumu kubwa la kilo 18 linauzwa 75,600. Chupa inatoka 4,400 kwa lita, dumu dogo 4,100. Dumu kubwa ukigawa kwa kilo unapata 4,200, na wengi huishia hapo wakanunua madumu madogo. Lakini kilo 18 ni lita 19.57, kwa hiyo bei yake halisi ni 3,864 kwa lita. Lililoonekana ghali kuliko dumu dogo ndilo rahisi kuliko yote.

Angalia pia kwamba dumu hilo watu huliita "la ishirini" kwa sababu chombo chenyewe kinabeba lita 20. Kwenye C usiandike 20. Andika uzito halisi wa mafuta ulioandikwa kwenye lebo, yaani bila chombo. Ukitilia shaka, pima dumu likiwa limejaa, na likiisha pima tupu, kisha toa. Mimi hupima kila muuzaji mpya, na siyo kwa kumdhania vibaya: lebo iliyofutika ni kitu cha kawaida.

Kabla ya kuagiza, ongeza safu moja zaidi: kiasi unachoweza kupoteza faida ikiwa bado ipo.

```
H2: =F2-E2/4100
```

Hiyo 4,100 ni bei ya lita ya mshindani wa karibu. Kwa dumu kubwa inatoka lita 1.13. Yakimwagika, yakibaki kwenye kuta za dumu au yakichacha zaidi ya hapo, dumu dogo lingekuwa nafuu. Dumu likishafunguliwa, hewa, mwanga na joto huanza kuyachachisha, na harufu kali ndiyo dalili. Sisi dumu la kilo 18 tunalimaliza mapema, kwa hiyo tunalinunua. Jiko linalotumia lita moja kwa wiki litakaa nalo miezi minne na zaidi, na hapo mimi ningechukua la lita 5.