Nilivyoipangia bei Boxer yangu hapa Tabora

Pikipiki yangu ya kwanza niliiuza kabla chai haijapoa. Nilitangaza asubuhi kwenye grupu la wasapu, ndani ya dakika kumi simu zikawa zinagongana, na kabla ya saa nne kijana mmoja alikuwa ameshanihesabia hela na kuondoka nayo. Nikajiona mjanja. Siku tatu baadaye nikaikuta imesimama chini ya mwembe pale Isevya, dalali anaitangaza kwa laki tatu zaidi ya alichonipa yule kijana. Simu nyingi namna ile maana yake bei yako ni ya chini mno, ila nililijua hilo nikiwa nimeshakula hasara.

Ya pili, Boxer 150 namba D, niliiuza mwezi wa nane mwaka jana, na safari hii sikutangaza chochote mpaka nimekaa na daftari na kalamu. Nitaeleza nilivyofika kwenye bei, kwa sababu wengi bado wanaiuza kwa kukumbuka walinunua shilingi ngapi, na mnunuzi hana habari na hilo.

Nianze na kilomita, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Mita ilisoma 31,400. Namba nzuri kabisa, ya kuandika kwenye tangazo. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya uongo. Mita ya Boxer yangu inazungushwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele, na waya ukikatika pikipiki inaendelea kwenda huku mita imelala. Wangu ulikatika mwezi wa kwanza. Mpwa wangu aliyekuwa akiiendesha bodaboda alisema atauweka mwingine "wiki hii", na wiki hiyo ilifika mwezi wa saba bila kuisha.

Nikauliza daftari la hesabu. Mpwa wangu ana ubaya wake, lakini kila siku aliandika mafuta aliyoweka: lita 2, lita 2, siku moja moja lita 2 na nusu. Alifanya kazi siku 26 kwa mwezi, Jumapili alipumzika. Kilichobaki kilikuwa kujua lita moja inamfikisha wapi. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda nayo Sikonge na kurudi, kama kilomita 140, ikala lita 3, yaani kilomita 46 na ushei kwa lita. Mjini si barabara kuu: kusimama, kuondoka, abiria wawili na gunia la mkaa. Nikashusha hadi 42. Lita 2 mara 42 ni kilomita 84 kwa siku, mara siku 26 ni 2,184 kwa mwezi, mara miezi saba ni 15,288. Ukijumlisha na zile 31,400 unakaribia 47,000. Hiyo ndiyo pikipiki niliyokuwa nauza.

Hata kama huna daftari, pikipiki yenyewe inasema. Angalia raba za kukanyagia na ile ya gia: zikiwa zimelika hadi chuma kinaonekana, halafu mita inasoma elfu kumi na mbili, kuna mtu anakudanganya. Angalia meno ya sproketi ya nyuma. Yakiwa yamepinda upande mmoja kama ndoano, cheni imefanya kazi muda mrefu, na kwa mchanga wetu wa Tabora yanalika haraka zaidi. Mnunuzi mwenye fundi ataangalia hayohayo, kwa hiyo ni afadhali uyaone wewe kwanza.

Halafu injini. Asubuhi moja niliiwasha ikiwa ya baridi, mpwa wangu akavuta mafuta mimi nikiwa nimesimama nyuma. Ikitoa moshi wa bluu kidogo wakati wa kuwaka tu kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, si jambo la kukunyima usingizi. Yangu iliendelea kutoa bluu kila alipovuta mafuta hata injini ilipopata moto. Hiyo ni oili inayopita kwenye ringi. Fundi wangu wa Ng'ambo alisikiliza, akatazama plagi ilivyolowa oili, akasema ringi na pistoni, pamoja na kuchonga silinda na ufundi wake, 140,000.

Hapa wengi hukosea, nami karibu nikosee: nilitaka kuitengeneza kwanza ndipo niuze. Fundi akanikataza. Mnunuzi akiona boliti za injini zimefunguliwa juzi anaogopa zaidi kuliko akiona moshi, kwa sababu hajui kilichokuwa kimeharibika wala nani alikifunga. Matangazo yote yanajisifu "injini haijaguswa" kwa sababu hiyo. Moshi unaweza kumweleza mtu, akaujua na kuupigia hesabu. Nilichotengeneza ni vya nje tu: breki, taa ya nyuma, na ule waya wa mita. Waya nao una mtego wake, kwani mita ikianza kutembea tena kutoka 31,400 inafanana na mita nzima, na usiposema umeshiriki uongo.

Kuhusu risiti za matengenezo, nilikuwa nazo tatu. Klachi mpya miezi minne iliyopita, 60,000. Nilidhani zitaongeza bei. Haziongezi. Hakuna anayekulipa zaidi kwa sababu pikipiki inafanya kile inachotakiwa kufanya. Kazi ya risiti ni kuzuia: fundi wa mnunuzi akisema "klachi hii itasumbua, toa sitini", unamwonyesha karatasi na maneno yanaishia hapo.

Karatasi zilizonigharimu kweli ni kadi. Nilipoinunua miezi kumi na sita kabla, kadi ilikuwa na jina la yule aliyeniuzia na ikabaki hivyo, kwa uvivu wangu. Kuuza pikipiki yenye kadi ya mtu wa tatu kunawezekana, watu wanafanya kila siku, ila kila mnunuzi anaitumia kukukamua. Wawili niliowapima kwa maneno, kabla hata ya kutangaza, walitaja laki mbili na nusu chini, na mmoja akaongeza, "Kaka, huyo mwenye kadi akija kuidai mimi nitamwambia nini?" Alikuwa na haki.

Mwenye kadi alikuwa amehamia Mpanda. Nikampigia, akaomba ya soda, nikamtumia. Tukaandika mkataba wa mauziano mbele ya wakili, tukapeleka TRA pamoja na kadi na namba zetu za mlipakodi. Kuna ada ya uhamisho, kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei mliyouziana. Soda, wakili na TRA, vyote vilinila laki moja na kidogo. Nimezuia kukatwa laki mbili na nusu. Zaidi ya hapo, wanunuzi makini ndio waliokubali kuja kuitazama.

Kabla ya kwenda huko linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya pikipiki, na ile ya injini pembeni ya injini, na zilizo kwenye kadi. Futa matope, soma tarakimu moja moja. Kama injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa, jambo hilo litaibuka mbele ya mnunuzi, na hapo bei yako imekufa. Angalia pia faini kwenye tms.tpf.go.tz kwa namba ya pikipiki. Mimi nilikuta mbili za mpwa wangu, 10,000 kila moja (bodaboda ilishushiwa kutoka 30,000 mwaka 2021), ambazo hakuwahi kunitajia. Nikazilipa, nikamkata kwenye hesabu.

Sasa bei za mtaani. Nilikusanya Boxer 150 za namba D saba, kutoka kwenye magrupu na vijiweni Cheyo, Kiloleni na Isevya. Walitaka kuanzia 1,400,000 hadi 2,200,000. Ukichukua katikati yake unajidanganya, kwa sababu hizo ni ndoto za wauzaji. Nilisubiri wiki mbili nikawarudia. Ya 2,200,000 ilikuwa palepale, vumbi limeongezeka. Tatu zilikuwa zimeuzwa, na waliouza walikubali kuniambia: iliyotangazwa 1,850,000 ilikwenda 1,650,000, ya 1,700,000 ikaenda 1,550,000, na ya 1,650,000 ikaenda 1,500,000. Hapa kwetu basi mtu anakatwa kama asilimia kumi. Iliyouzwa 1,650,000 ndiyo iliyofanana na yangu kwa umri na kadi safi, ila haikuwa na moshi.

Hapo hesabu ikawa fupi. Nilianza na 1,650,000. Nikatoa 140,000 za ringi na pistoni, nikatoa 110,000 za cheni, sproketi na tairi la nyuma lililokuwa limebaki upara. Nikabaki na 1,400,000. Hiyo sikumwambia mtu, hata mke wangu. Sikutoa kitu kingine kwa ajili ya kilomita, kwa kuwa kilomita zimeshakatwa ndani ya ringi na cheni. Ukizikata tena unajiibia. Kwa kuwa watu watashusha asilimia kumi, nikatangaza 1,550,000.

Muda nao nilichagua. Miezi ya malipo ya tumbaku, watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanakuja mjini na hela mkononi. Mwezi wa pili, mvua imekolea na mfuko umekauka, pikipiki hiyohiyo ungeisindikiza kwa macho tu.

Aliyeinunua alikuja kutoka Usoke na fundi wake. "Shikamoo mzee," akaniamkia, ingawa sijafika huko. Nikamwambia kabla hajauliza: mita inasoma hivi, ukweli ni kama elfu arobaini na saba, inavuta oili, hizi hapa risiti na hili daftari. Fundi wake akaiwasha, akakaa nyuma ya bomba la moshi muda mrefu, akainuka.

"Mzee hajadanganya," akamwambia mwenzake. "Ringi hizo."

"Basi nikupe milioni moja na laki tatu," kijana akasema.

"Ringi nimeshazitoa kwenye bei. Ungezikuta nzima, ningekuambia milioni moja na laki saba."

Tulimalizana kwa 1,420,000. Kwenye mkataba, chini ya namba ya chesisi, wakili aliandika kwa ombi langu: mita inasoma 31,462, kilomita halisi zinakadiriwa kuwa 47,000, mnunuzi ameelezwa kuhusu moshi. Kijana akasaini, nami nikasaini, tukapanda pikipiki hiyohiyo wote wawili kwenda TRA.