Lupu Inayokimbia: Funga Vichwa vya Baa, Usinyooshe Kipande Kizima

Juzi kijana mmoja wa Ngaramtoni kaniandikia: "Kaka, nimekata lupu ya gitaa kwenye rekodi ya kwaya ya nyumbani. Ikianza iko sawa, ikirudi mwanzo iko sawa, ila katikati kiki na gitaa vinagombana kama watu wawili wanaogombea mlango. Hesabu ya tempo nimepiga mara tatu, iko sawa. Tatizo nini?"

Mdogo wangu, hesabu yako iko sawa na ndiyo inayokudanganya. Ugonjwa huo naujua vizuri, kwa sababu wimbo wangu unaopigwa sasa hivi kwenye daladala za Moshi mjini hadi Kiboriloni (ndiyo, ni wangu, na mkiusikia mpandishe sauti) ulizaliwa na ugonjwa huohuo.

Nilikuwa nimerekodi gitaa kwa mzee mmoja pale Rau, sebuleni kwake. Mzee anapiga gitaa kavu, mama wa nyumba ameshika kayamba, mimi nimeweka kinasa sauti juu ya stuli katikati yao. Hakuna kliki ya kuwahesabia mapigo, hakuna hedifoni. Ningeanzaje kumvalisha mzee wa watu hedifoni baada ya kumpa shikamoo na kunywa chai yake? Walipiga kama wanavyopiga sikukuu, na nikaondoka na kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye makavazi yoyote ya sauti za kununua.

Nikakipeleka studio moja ya Arusha, ambako msanii wangu alikuwa ameshaingiza mistari kwenye biti ya muda, tempo 96, yaani mapigo 96 kwa dakika. Mwenye studio akasikiliza kidogo, akavua hedifoni, akasema mbele ya watu wote: "Huyu mzee hana taimu. Tupa, tafuta mpiga gitaa arekodi na kliki." Wakacheka. Mpaka leo nikipita ile barabara huwa natazama upande wa pili. Mzee ana taimu. Anachofanya ni kile anachofanya mpigaji yeyote aliyezoea kuchezesha watu: wimbo ukipanda moto, naye anapanda. Huo si ulemavu wa kutupwa, ni mwendo, na mwendo unapimika.

Basi tuupime. Kwanza tafuta "moja" ya kweli, pigo la kwanza la baa. Usiitafute kwa macho. Cheza rekodi, gonga mguu, hesabu moja hadi nne mpaka mwili wako ukubali, halafu ndiyo ukuze mawimbi ya sauti kwenye skrini. Na usichukue baa nne za mwanzo wa wimbo, wapigaji bado wanatafutana. Chukua za katikati, mahali ambapo baa iliyotangulia kipande chako inafanana kodi za gitaa na baa yako ya mwisho. Sababu yake tutaiona kwenye kiungo.

Hapo kuna mtego wa kayamba. Gitaa linapoguswa, wimbi linasimama wima kama ukuta, unaona pa kukata. Kayamba halisimami hivyo. Mbegu zinaanza kusafiri ndani ya matete kabla ya pigo, sauti inapanda taratibu, kisha ndiyo inafika mahali pake. Programu ikitafuta mapigo yenyewe itaweka alama mwanzoni mwa ule msururu wa mbegu hapa, kileleni pale, na vipande vyako vyote vitakuwa vimepinda kwa milisekunde kadhaa, kila kimoja upande wake. Ndiyo maana alama za kompyuta nazifuta zote. Naweka zangu kwa mkono, nikifuata kidole cha mzee kwenye nyuzi, si kayamba la mama. Alama inakaa kidogo tu kabla ya wimbi kupanda, pale mstari unapopita sifuri. Ukikata wimbi likiwa juu, utasikia "tk" kila lupu inaporudi.

Kipande changu cha baa nne kilikuwa na sekunde 9.80 kutoka moja ya kwanza hadi moja ya baa ya tano. Baa nne za nne-nne ni mapigo 16:

```
60 x 16 / 9.80 = 97.96
```

Karibu 98. Mistari ya msanii iko kwenye 96, na kwa tempo hiyo baa nne ni sekunde 10 kamili. Hapa kila mtu anafanya alichofanya kijana wa Ngaramtoni: anashika kipande kizima na kukinyoosha kutoka 9.80 hadi 10. Asilimia mbili tu, sauti haiharibiki, na lupu inafunga vizuri kabisa. Kisha inaanza vurugu ya katikati.

Angalia kwa nini. Nilipopima baa moja moja nikapata hivi: ya kwanza sekunde 2.52, ya pili 2.48, ya tatu 2.42, ya nne 2.38. Mzee alikuwa anaongeza mwendo polepole. Ile 98 ni wastani, na hakuna hata baa moja aliyoipiga kwa 98. Alianzia kama 95 akamalizia karibu 101. Ukinyoosha vyote kwa kipimo kimoja, baa ya kwanza inarefuka hadi 2.57 wakati kompyuta inaitaka iishe kwenye 2.50. Kufikia mwanzo wa baa ya tatu, gitaa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde nzima. Kwa tempo 96, robo ya pigo ni kama milisekunde 156, kwa hiyo umekosea zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Sikio lolote linalijua hilo, hata la mtu asiyejua muziki. Kisha baa mbili za mwisho, kwa kuwa ni fupi, zinakurudishia deni, na mwisho unafika pale pale panapotakiwa. Ndiyo maana unaapa kwamba hesabu iko sawa.

Nimeona maprodyuza wenye majina wakifunika vurugu hii kwa kuongeza kiki na sineya. Acheni hiyo tabia. Kelele haisahihishi muda.

Dawa ni kukata kwenye moja za baa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mimi natumia programu ya Reaper: nazima Snap inayovuta kila kitu kwenye gridi, naweka mshale kwenye alama, nabonyeza S, kipande kinagawanyika. Ninapata vipande vinne, kila kimoja nakipeleka kianzie mahali pake: sekunde 0, 2.5, 5 na 7.5. Halafu nashika ukingo wa kulia huku nimebonyeza Alt na kuuvuta mpaka kipande kitimie 2.5. Ukiwa na Ableton Live, kazi hiyohiyo inafanywa na alama za Warp kwenye vichwa vya baa. Kwenye FL Studio unakata kwa kifaa cha Slice, kisha unanyoosha kila kipande peke yake.

Baa ya kwanza na ya pili zinabadilika kwa chini ya asilimia moja, hutasikia kitu. Ya tatu ni asilimia tatu na kidogo, bado inavumilika. Na ndani ya baa usiguse. Narudia: usiguse. Ule uchelewaji mdogo wa pigo la pili la mzee, na kayamba linalotangulia kidogo pigo la nne, ndivyo vilivyonifanya nimfuate Rau. Ukivuta kila mguso kwenye gridi, utabaki na gitaa la kinanda, na hilo ungelipata bila kupanda bodaboda.

Baa ya nne ndiyo iliyonitoa jasho. Kutoka 2.38 hadi 2.50 ni asilimia tano, na gitaa kavu hapo linaanza kuwa na majimaji: kichwa cha mguso kinalainika, kayamba linasikika kama linatikiswa ndani ya ndoo. Mwingine atasema punguza tu mwendo wa sauti kama kaseti, hakuna majimaji. Kweli, lakini sauti itashuka karibu nusu toni, kinanda cha msanii kitakuwa kimekataana na gitaa, na baa hiyo moja itakataana na wenzake watatu.

Kwa hiyo baa hiyo peke yake niliikata tena, kwa nusu pigo, vipande vinane. Kila kipande kinapokaa mahali pake, nyuma yake panabaki pengo la kama milisekunde 15. Pengo hilo usiliache wazi. Ni dogo, lakini chumba chote kinanyamaza kwa ghafla, na lupu inapata kwikwi. Wala usivute ukingo wa kulia bila kunyoosha, kwa sababu utafunua kichwa cha mguso unaofuata na utasikia gitaa likigongwa mara mbili. Nilichofanya ni kugawa kila kipande sehemu mbili: milisekunde 100 za mwanzo, zenye mguso wenyewe, nikaziacha kama zilivyo, na mkia, ambao ni mlio tu unaofifia, ndio nikaunyoosha kuziba pengo. Sikio linashika kichwa, mkia halifuatilii sana. Kila kiungo nikakiwekea mfifio wa milisekunde tatu hivi, basi.

Kuna kitu kimoja bado, kiungo cha mwisho na mwanzo. Nyuzi alizogusa mzee mwishoni mwa baa ya nne zinaendelea kulia ndani ya baa ya tano, na wewe umekata hapo. Lupu ikirudi, mlio unakufa kwa kisu. Ukiwa ulichagua vizuri kama nilivyosema, mwanzoni mwa baa yako ya kwanza tayari kuna mlio wa kodi ileile uliotoka baa iliyotangulia, na hutagundua kitu. Kama kodi hazifanani, kunjua mwisho wa baa ya nne upitilize kidogo, upande juu ya mwanzo huku ukififia.

Kujaribu, weka kliki na uache izunguke muda mrefu, kisha izime kwa baa kadhaa na uiwashe tena. Sikiliza vichwa vya baa ya pili na ya tatu, si mwanzo wala mwisho.

Yule mwenye studio alinipigia baada ya wimbo kutoka. Anataka namba ya mpiga gitaa "mpya" niliyemtumia. Sijampa.

Mdogo wangu wa Ngaramtoni, pima baa zako nne moja moja uniandikie. Na lupu ukinitumia tuma WAV, kwa njia ya dokumenti. Ile uliyonitumia juzi ilikuwa MP3, na MP3 huongeza kipande cha ukimya mwanzoni na mwishoni. Ya sekunde 10 kwa kipimo cha 44,100 inatakiwa iwe na sampuli 441,000 kamili, isizidi hata moja.