Safu za Matriksi Si Majibu ya Mfumo: Kosa Lililonipeleka Kwenye Sapu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji ambaye yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu wa hisabati. Aliniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimerahisisha matriksi bila kukosea hata alama moja, lakini nimepewa alama mbili kati ya kumi. Naomba unionyeshe nilipokosea." Aliambatanisha picha ya karatasi yake. Nilipoifungua nilinyamaza kwa muda, kwa sababu kosa nililoliona pale ndilo nililolifanya mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake, na ndilo lililonifanya nirudi chuoni wakati wa likizo kufanya mtihani wa marudio, ule tuuitao sapu.

Swali lake lilitaka msingi wa nafasi ya majibu ya mfumo wenye milinganyo mitatu na vigeu vitano, ambao kila mlinganyo una sifuri upande wa kulia:

```
 x1 + 2x2       -  x4 + 3x5 = 0
2x1 + 4x2 + x3  -  x4 + 4x5 = 0
3x1 + 6x2 + x3  - 2x4 + 7x5 = 0
```

Kwamba majibu ya mfumo huu yanaunda nafasi ndogo ndani ya R^5 halihitaji maelezo marefu. Vekta ya sifuri ni jibu. Majibu mawili yakijumlishwa, sifuri mbili za upande wa kulia zinajumlika kuwa sifuri. Na jibu likizidishwa kwa namba yoyote, sifuri inabaki sifuri. Kama upande wa kulia ungekuwa na 5, jumla ya majibu mawili ingetoa 10, na hoja yote ingevunjika hapo hapo.

Msomaji wangu alirahisisha matriksi vizuri kabisa. Alitoa mara mbili ya safu mlalo ya kwanza kutoka kwenye ya pili, akatoa mara tatu ya safu hiyo hiyo kutoka kwenye ya tatu, akagundua kwamba safu mbili za chini zimelingana, akaifuta moja. Alibaki na hii:

```
1  2  0  -1   3
0  0  1   1  -2
0  0  0   0   0
```

Kisha akaandika kwamba msingi ni vekta mbili, (1, 2, 0, -1, 3) na (0, 0, 1, 1, -2), akapiga mstari chini ya jibu lake. Nami nilipiga mstari wa namna hiyo hiyo katika mtihani wangu, na nilitoka chumbani nikiwa na uhakika kwamba nimepata alama zote. Nilikuwa nimekariri kwamba unarahisisha matriksi halafu unachukua safu zisizo sifuri. Kanuni hiyo ni sahihi, ila inajibu swali lingine, kwa kuwa inakupa msingi wa nafasi inayozalishwa na safu zenyewe, nayo si nafasi ya majibu.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ningeweza kuligundua kosa lile kwa nusu dakika. Chukua vekta (1, 2, 0, -1, 3) uiweke kwenye mlinganyo wa kwanza: utapata 1 + 4 + 0 + 1 + 9, ambayo ni 15. Haiwezekani kuwa sifuri, kwa sababu kila namba imezidishwa kwa yenyewe, na jumla ya miraba ya namba halisi haiwi sifuri ila namba zote zikiwa sifuri. Kwa hiyo, safu yoyote isiyo sifuri haiwezi kamwe kuwa jibu la mlinganyo wake yenyewe. Nililielewa jambo hili baada ya kufeli, na tangu siku hiyo sijawahi tena kuchanganya nafasi hizi mbili.

Njia iliyo sahihi ni kuisoma matriksi iliyorahisishwa kama milinganyo. Safu wima zenye 1 ya kuongoza ni ya kwanza na ya tatu, kwa hiyo x1 na x3 ni tegemezi. Vigeu vilivyobaki, yaani x2, x4 na x5, ni huru. Ukivihamishia upande wa kulia, kila kimoja hubadili alama, na hapa ndipo wengi wanapopoteza alama bila kujua:

```
x1 = -2x2 + x4 - 3x5
x3 =      - x4 + 2x5
```

Sasa kipe kigeu huru kimoja thamani ya 1, na vingine sifuri, kisha rudia kwa kila kimoja. Ukianza na x2, halafu x4, halafu x5, utapata vekta tatu:

```
v1 = (-2, 1,  0, 0, 0)
v2 = ( 1, 0, -1, 1, 0)
v3 = (-3, 0,  2, 0, 1)
```

Idadi yake inakubaliana na hesabu: vigeu vitano, ukitoa safu mbili zisizo sifuri, vinabaki vitatu. Msomaji wangu alikuwa na vekta mbili, na hilo peke yake lilitosha kumshtua. Lakini usiitegemee hesabu hii peke yake, kwa sababu mfumo wenye vigeu vinne na safu mbili ungetoa mbili pande zote, na kosa lingejificha. Rudi kwenye milinganyo ya mwanzo, si ile iliyorahisishwa, kwa kuwa ukiwa umekosea wakati wa kurahisisha, matriksi iliyorahisishwa itakubaliana na kosa lako. Kwa v3, mlinganyo wa tatu unatoa -9 + 2 + 7, na hiyo ni sifuri.

Kuhusu kutotegemeana kwa vekta hizi, tazama nafasi ya pili, ya nne na ya tano. Ukiandika a·v1 + b·v2 + c·v3, nafasi hizo zinasomeka a, b na c bila kuchanganyika na kitu kingine. Jumla ikiwa sifuri, basi a, b na c zote ni sifuri. Sentensi hiyo moja iandike kwenye karatasi ya mtihani, usiiache kichwani.

Nina neno pia kwa wanaosahihisha. Katika sapu ile nilipata swali la aina hii na nikachagua vigeu huru tofauti na vya mwongozo wa kusahihishia. Jibu langu lilikatwa, na sikusikilizwa nilipokwenda kueleza. Ndugu zangu, msingi hauko mmoja. Katika swali hili hili, mwanafunzi anayefanya x1, x4 na x5 kuwa huru, na kuvipa 2 badala ya 1 ili kukwepa sehemu, ataleta hizi:

```
(2, -1, 0, 0, 0)   (0, 1, -2, 2, 0)   (0, -3, 4, 0, 2)
```

Kabla ya kuzikata, soma nafasi ya pili, ya nne na ya tano za kila moja. Ya kwanza ina -1, 0, 0, nayo ni -v1. Ya pili ina 1, 2, 0, na ukijumlisha v1 + 2v2 unaipata nzima. Ya tatu ina -3, 0, 2, nayo ni -3v1 + 2v3. Zote tatu zimo ndani ya nafasi ya majibu, hazitegemeani, na idadi yake ni tatu. Mwanafunzi huyo anastahili alama zote kumi.