Mapigo 124 kwa mtoto wa miaka 2

"Mwanangu ana miaka 2, nimempima mapigo ni 124, mimi nina 72. Moyo una shida?"

Hapana dada, mtoto wa umri huo akiwa macho anachezea kama 98 hadi 140, we umesoma chati ya watu wazima ya 60 hadi 100 ndo maana umeshtuka. Moyo wake mdogo, kila pigo linasukuma damu kidogo, sasa ili itoshe inabidi udunde mara nyingi, akifika kidato cha kwanza atakuwa kwenye chati yako. Wangu huku Nkuhungu nilimpima katoka kukimbiza kuku nikapata 150, alipolala 95! Mpime katulia, dakika nzima, na homa nayo inapandisha. Ila akilala bila homa na bado imepita 140, au anahema kwa shida, mpeleke hospitali leo leo.