Wateja watatu, wiki moja: hesabu saa kwanza

"Wakuu, natafsiri nyaraka za wateja watatu, kila mmoja na tarehe yake. Kila Alhamisi nakesha. Mnapangaje wiki?"

Mkuu, nami natafsiri. Kosa langu lilikuwa kugawa siku: Jumatatu ya huyu, Jumanne ya yule. Sasa Jumapili jioni nahesabu maneno, nagawa kwa kasi yangu halisi, 300 kwa saa, kuhakiki ndani yake.

Tuseme A anataka maneno 3,000 Ijumaa, B 1,500 Jumatano, C 900 Alhamisi. Hizo ni saa 10, 5 na 3. Kwa siku napata saa tano za kazi ya kichwa, si zaidi: tatu asubuhi, mbili mchana. Simu na ankara zina muda wao.

Jumatatu asubuhi naanza na A, ingawa ndiye wa mwisho. Kazi kubwa ukiisogeza mbele, ndiyo inayokukeshesha. Mchana B, nammaliza Jumanne asubuhi. Mchana narudi kwa A. Jumatano asubuhi C, mchana A. Alhamisi asubuhi A anakwisha. Kazi ya kila mmoja imekwisha siku moja kabla, na Alhamisi mchana iko wazi kwa marekebisho. Usiiuze hiyo! Niliwahi kumpa mteja wa dharura, mteja mwingine akarudisha faili lake jioni ileile.

Jumatatu, zile saa tatu za asubuhi zikiisha, angalia A: hayajafika maneno 900? Basi kasi uliyoandika ni ya kujifurahisha. Pangua ratiba hapo hapo, na kama haitoshi mwambie mteja Jumanne, angali ana nafasi ya kusogeza tarehe.