Cheti cha kuchunguza udanganyifu: odita anakihitaji lini?

"Nina CPA na miaka minne kwenye ukaguzi. CFE itanipa nini ambacho sina?"

Itakupa kazi inayoanza pale ukaguzi wa kawaida unapoishia, yaani ukishaona kitu hakijakaa sawa, kesho yake asubuhi unafanya nini. CPA inakufundisha kuona. CFE, cheti kinachotolewa na ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, inakufundisha kisichotakiwa kufanywa baada ya kuona, na hapo ndipo maodita wengi tunaharibu, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikupe kisa changu. Nilikuwa napitia malipo ya masaplaya, nikakuta mmoja wa matengenezo amelipwa invoisi 11 ndani ya miezi saba, zote kati ya 9,600 na 9,950, na kikomo cha meneja kuidhinisha peke yake kilikuwa 10,000. Nikaangalia namba za invoisi, zinaanza 0041 zinaishia 0051 bila kuruka hata moja, maana yake huyu saplaya kwa miezi saba hana mteja mwingine duniani ila sisi. Nikalinganisha akaunti yake ya benki na akaunti za mishahara, ikagonga kwa karani wa malipo. Furaha niliyokuwa nayo siku ile, acha tu.

Sasa kosa. Nilichukua zile invoisi nikaenda moja kwa moja mezani kwa yule karani nikamuuliza "hizi ni za nini?", kwa sababu ndivyo tulivyozoea, ukiona kitu hukielewi unamuuliza mwenye kazi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba atatafuta mafaili. Kesho yake faili la karatasi halionekani, na kwenye sistimu akaunti ya yule saplaya imeshabadilishwa, na ile sistimu ilikuwa haitunzi historia ya mabadiliko. Nikabaki na karatasi niliyoiprinti mwenyewe, ambayo mtu yeyote angeweza kusema nimeitunga.

Mchunguzi aliyefundwa angeenda kinyumenyume. Kwanza angemwambia mtu mmoja tu mwenye mamlaka, aliye nje ya mnyororo wa yale malipo. Halafu kimyakimya angechukua nakala ya taarifa za masaplaya kutoka kwenye sistimu, faili la malipo lililotumwa benki, na invoisi halisi, na kila kimoja kinaandikwa kimetoka kwa nani, kimepokelewa na nani, saa ngapi, kimefungiwa wapi. Ndipo anaanza kuongea na watu, anaanzia mbali kabisa, fundi wa jengo, mtu wa mapokezi, "hivi hawa wa matengenezo huwa wanakuja siku gani?", anasogea taratibu, na anayeshukiwa anaulizwa wa mwisho, wakati maswali yote ya msingi yameshajibiwa na wengine.

Na kwenye ripoti haandiki "karani ameiba". Kanuni za maadili za ACFE zinakataza mwanachama kutoa maoni kwamba fulani ana hatia au hana. Unaandika malipo 11 yameingia kwenye akaunti inayofanana na ya mfanyakazi fulani, na hakuna aliyeiona kazi ikifanyika, basi. Inaweza kuonekana kama kukwepa lakini siyo, kuna siku akaunti inagonga kwa sababu mtu alikosea kunakili tu, na ukishamuita mtu mwizi kwa maandishi huwezi kulirudisha hilo neno.

"Bosi anasema tukiwa na CFE mmoja ofisini wizi utagundulika zaidi. Ni kweli?"

Kidogo tu, na siyo kwa njia anayodhani. Ripoti ya ACFE ya 2024 ilionyesha asilimia 43 ya kesi walizokusanya ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, na ukaguzi wa nje ulikamata kama asilimia 3. Kwa hiyo kama mnachotaka ni kugundua, anzeni na njia salama ya watu kusema, halafu huyo CFE awe ndiye anayepokea zile taarifa na kujua ipi inastahili kufunguliwa faili na ipi ni ugomvi wa ofisini. Hapo thamani yake mtaiona. Mkimweka kwenye kukagua risiti za safari kama wengine mtakuwa mmelipia ada bure.

"CFE au CFF, nichague ipi?"

CFF inatolewa na AICPA, chama cha wahasibu cha Marekani, iliundwa kwa ajili ya maCPA na inaegemea kwenye mahesabu ya kesi: hasara ni kiasi gani, biashara ina thamani gani, mali za waliofilisika ziko wapi. CFE haikulazimishi uwe mhasibu, utakaa darasani na mapolisi na wanasheria, na uzito wake uko kwenye uchunguzi wenyewe. Odita wa ndani nitamwambia CFE. Anayekaa na mawakili kupiga hesabu za madai, CFF.

"Itanifundisha kuchambua data?"

Kwa kusoma, ndiyo. Kwa mikono, hapana, na hili watu hawaambiwi. Utajua kwamba kwa sheria ya Benford tarakimu ya kwanza kuwa 1 hutokea karibu asilimia 30 na 9 chini ya asilimia 5, lakini hakuna atakayekaa na wewe kwenye Excel. Mfano ule wa akaunti, wengi wanatumia COUNTIF kulinganisha, nayo inageuza namba zilizoandikwa kama maandishi kuwa namba na inasoma tarakimu 15 tu za kwanza, kwa hiyo akaunti mbili ndefu zinazotofautiana mwishoni zitaonekana ni moja na umeshamshuku mtu asiyehusika. Hifadhi safu zote mbili kama maandishi halafu tumia hii, C2 ikiwa akaunti ya saplaya na safu D ya shiti ya Mishahara ikiwa akaunti za wafanyakazi:

```
=SUMPRODUCT(--(Mishahara!D$2:D$500=C2))
```

Ikitoa zaidi ya 0, rudi ukaangalie kwa macho.

"Nikiwa na CFE nitakubalika mahakamani kama mtaalamu?"

Anayeamua ni hakimu, cheti ni kitu kimoja tu anachokitazama. Wakili wa upande wa pili hatahangaika na cheti chako, atauliza zile invoisi zilikaa kwenye droo ya nani kati ya Ijumaa na Jumatatu.

"Sasa mimi binafsi nitaamuaje?"

Chukua mafaili yako ya miaka miwili iliyopita, tafuta yale uliyokuta dalili ya udanganyifu, halafu jiulize kila moja lilifia wapi. Kama yalifia kwako, kwa maana hukujua umuulize nani kwanza, au ushahidi ulipotea, au ripoti ilirudishwa kwa sababu ulihukumu, cheti kitakulipa. Kama yalifia juu kwa wakubwa, hakuna mtihani utakaobadilisha hilo. Na kama hujakuta hata moja kwa sababu kazi yako ni ukaguzi wa nje wa hesabu, dada/kaka yangu tulia kwanza, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 240, kinakutaka utathmini hatari ya udanganyifu, upime maingizo ya jonali, uwaambie wasimamizi unachokiona, hakikutaki uwe mpelelezi, na ukianza kuhoji watu nje ya mkataba wako unajitafutia matatizo.

Hesabu pia na muda: unatakiwa uwe na uzoefu wa miaka miwili unaohusiana na kazi hii ndipo uthibitishwe, na baada ya hapo masaa 20 ya mafunzo kila mwaka, 10 kati yake yawe ya udanganyifu moja kwa moja. Muulize mwajiri kabla hujajisajili nani atalipia hayo ya kila mwaka, maana wengi wanalipia mtihani halafu mwaka wa pili wananyamaza.