Mteja wa Lubumbashi Kaandika Kiingereza: Umjibu kwa Lugha Gani?

Juzi dada mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam aliniandikia. Wana mteja wa Lubumbashi ambaye akipiga simu anaongea Kiswahili bila shida, lakini imeili zake zote ni za Kiingereza. Bosi anamwambia ajibu Kiswahili, kwa kuwa "hawa ni ndugu zetu." Mwenzake wa meza ya pili anamwambia ajibu Kifaransa, mteja ajione ameheshimiwa. "Kaka, nimsikilize nani?"

Usimsikilize hata mmoja, mdogo wangu. Mjibu kwa Kiingereza. Lakini ngoja nikueleze sababu, maana hili lilinitoa jasho kabla hujaingia kazini.

Ofisi niliyoanzia kazi ilikuwa na mteja kama huyo wako. Alikuwa akileta vipuri vya mgodi, kontena la futi 40 linashuka bandarini, linapanda lori hadi Tunduma, linavuka kuingia Nakonde, linakatiza Zambia yote mpaka Kasumbalesa ndipo liingie Kongo. Imeili zake zilikuwa za Kiingereza kifupi kifupi, na kila mara kwenye nakala kulikuwa na jina la wakala wake wa Nakonde, Mzambia. Mimi ndiye niliyeshika faili, nikawa namjibu kwa Kiingereza.

Meneja akaona tunamdharau mteja. Tulikuwa na kijana aliyesoma Kifaransa shuleni, akapewa kazi ya kujibu. Nilisema wazi kwamba kuna mtu wa tatu anayesoma zile imeili. Nikaambiwa nina wivu! Basi siku hiyo lori likaharibika kabla ya safari, tukahamishia kontena kwenye lori jingine, na kijana akaandika taarifa ya namba mpya ya gari kwa Kifaransa kizuri sana. Mteja aliielewa. Mzambia hakuielewa, na nyaraka zake za transiti akazitengeneza kwa namba ya lori la zamani. Lori likafika mpakani na namba isiyo kwenye karatasi, likalala pale mpaka zirekebishwe. Aliyeitwa mbele ya wafanyakazi wote kuulizwa mzigo umekwama kwa nini ni mimi, mwenye faili. Kijana wa Kifaransa alikuwa amekaa pembeni anachezea simu. Sijasahau.

Kwa hiyo kabla hujajiuliza mteja ni mtu wa wapi, tazama waliowekwa nakala. Kiingereza si chake wala si chako, amekichagua kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo imeandikwa palepale juu ya imeili. Upande wa Zambia kazi za forodha zinafanyika kwa Kiingereza. Ukibadilisha lugha katikati, unamfungia mlango mtu ambaye mteja amemwita makusudi.

Na hata kama hakuna nakala, usikimbilie Kiswahili kwa sababu tu umemsikia akikiongea. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kule Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini karatasi za ofisini ni Kifaransa. Mtu amekua na Kiswahili cha Lubumbashi nyumbani na sokoni na hajawahi kuandikia barua ya biashara. Tena sisi wa Dar tuna tabia mbaya ya kuwacheka na kuwasahihisha wakiongea. Akishachekwa mara moja kaunta, hawezi kukuandikia Kiswahili tena, na mimi simlaumu.

Sasa, kujibu kwa Kiingereza hakumaanishi kuonyesha ulichosoma chuoni. Mteja wako anafikiri kwa Kifaransa. Yule wangu aliwahi kuniuliza kazi ya kutoa mzigo inachukua muda gani, lakini neno alilotumia kwa Kiingereza ni la ucheleweshaji, kwa kuwa la Kifaransa linafanana nalo. Asiyejua angejibu kwa hasira kwamba hajachelewesha kitu. Mimi nilimwandikia siku ya kuanza na siku ya kumaliza, nikanyamaza. Andika sentensi fupi, jambo moja kila sentensi.

Namba ndizo zinazotisha zaidi. Anayeandika kwa desturi ya Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta. Kwenye orodha ya vifungashio ukikuta sanduku la vipuri "3,250 kg," kwako ni tani tatu na robo, kwake inaweza kuwa kilo tatu na robo. Vipuri vya mgodi vinaweza kuwa vyovyote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo akili peke yake haitakuokoa. Ukikosea, lori linafika mizani ya Vigwaza na uzito usiolingana na hati. Mimi huandika kilo bila mkato wowote, 3250, kisha narudia kwa maneno na kumwomba athibitishe. Saa nazo hivyohivyo. Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, basi andika 14:00 ya Dar, 13:00 ya Lubumbashi. Namba ya kontena, yaani zile herufi nne na tarakimu saba, inaeleweka kwa lugha zote. Namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa kwa forodha, nayo tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile duniani. Vitu hivi viweke juu kabisa ya imeili, kabla ya maneno.

Kuna wakati Kiingereza chenyewe hakitoshi, na dalili zake zinaonekana. Umeuliza maswali mawili, anajibu moja. Umemwomba achague kati ya Jumanne na Alhamisi, anakujibu "OK." Hapo acha kuandika, piga simu, ongea Kiswahili taratibu bila kumsahihisha. Mkishaelewana, rudi kwenye imeili ileile uandike mlichokubaliana kwa Kiingereza, na nakala kwa Mzambia. Usiache makubaliano yabaki kwenye sauti za WhatsApp, maana siku ya ugomvi kila mtu atakumbuka lake.

Kifaransa kina mahali pake. Maelezo ya bidhaa yatakayosomwa na DGDA, forodha ya Kongo, yawe ya Kifaransa, na FERI, ile hati ya taarifa za mzigo ya OGEFREM, ofisi ya Kongo inayosimamia usafirishaji wa mizigo, ifanane nayo. Maneno hayo usiyatunge wewe wala kijana wa meza ya pili. Mwombe mteja au wakala wake wa Kasumbalesa ayaandike, wewe uyanakili kama yalivyo, herufi kwa herufi.

Mteja yule wa zamani? Nilipofungua ofisi yangu alinitafuta mwenyewe, na mpaka leo niko naye. Bado anaandika Kiingereza. Kwenye simu namwita Papa, kwenye imeili namwandikia kwa jina la ukoo kama anavyosaini.

Bosi wako akisisitiza Kiswahili, mwongezee mstari mmoja chini ya jibu la kwanza, kwa Kiswahili chepesi: "Ukipenda, unaweza kuniandikia Kiswahili. Nitaendelea kwa Kiingereza ili wenzetu wa Nakonde wafuatilie." Mara moja inatosha. Akihama mwenyewe, mfuate. Asipohama, usimuulize tena.